Je, Usingizi ni Kuzimika kwa Taa?

Kila mtu hulala, wala hakuna aliyepata kuuona usingizi wake mwenyewe. Mara tunapoufikia hupoteza akili za kuutazama, na mara tunapozirudia akili zetu usingizi umekwisha kwenda zake. Ndiyo sababu jambo hili, ambalo huchukua karibu theluthi ya umri wa mwanadamu, lilikaa karne nyingi likielezwa kwa mifano tu. Wengine walisema kuwa usingizi ni nduguye mauti. Wengine walisema kuwa ni taa ya akili iliyozimika. Lakini taa huzimika kwa njia mbili. Huweza kuzimika yenyewe kwa sababu mafuta yake yamekwisha, na huweza kuzimwa kwa mkono wa mtu, mafuta yakiwa yangali tele. Je, ubongo hulala kwa sababu kelele na mwanga wa mchana vimekwisha, au umo ndani yake mkono unaoulaza? Insha hii yasimulia jinsi swali hilo lilivyotafutiwa jibu, na jinsi jibu lililokubaliwa na wengi lilivyokuja kuonekana kuwa nusu ya kweli.

Habari yenyewe yaanzia mjini Vienna, katika majira ya baridi ya mwaka 1916 kuingia 1917, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikiendelea. Daktari mmoja jina lake Constantin von Economo alianza kupokea wagonjwa waliokuwa na dalili ambazo hakupata kuzisoma katika kitabu chochote. Walipatwa na homa na maumivu ya kichwa, kisha wakalala. Walilala mezani chakula kikiwa kinywani, na walilala wakiwa wamesimama. Mtu akiwatikisa waliamka, wakajibu maswali kwa akili timamu, na mara walipoachwa wakalala tena. Wengi wao kope zilikuwa zimelegea na macho hayakuweza kugeuka sawasawa. Wengine walilala hivyo kwa majuma mengi, na wengine hawakuamka tena. Mwaka 1917 von Economo aliandika habari zao na kuupa ugonjwa huo jina la ensefalitisi letarjika, yaani uvimbe wa ubongo uletao uzito wa usingizi. Msomaji wa Afrika Mashariki asiuchanganye ugonjwa huu na malale, ambayo huletwa na kidudu kinachoenezwa na mbung'o. Ule wa Vienna ulienea katika nchi nyingi za ulimwengu kwa muda wa miaka kama kumi, kisha ukatoweka, na asili yake ingali inabishaniwa.

Kama wagonjwa wote wangalilala, pengine von Economo asingalijifunza jambo kubwa. Lakini kulikuwa na kundi dogo lililofanya kinyume. Hawa hawakuweza kulala kabisa. Usiku walikesha wakitapatapa kitandani, miili yao imechoka na macho yao makavu, na usingizi hauji. Wagonjwa wa makundi yote mawili walipokufa, daktari huyo alizipasua bongo zao na kuzitazama kwa darubini. Hapo ndipo alipoona tofauti. Waliolala mno walikuwa na kidonda mahali ambapo shina la ubongo hukutana na sehemu ya nyuma ya hipothalamasi. Waliokosa usingizi walikuwa na kidonda mbele ya hapo, katika sehemu ya mbele ya hipothalamasi hiyo hiyo.

Yafaa tusimame kidogo tuyaeleze maneno haya mawili. Shina la ubongo ni ile sehemu, yenye unene upatao kidole gumba, inayouunganisha ubongo mkubwa na uti wa mgongo. Hipothalamasi ni kipande kidogo kilicho juu kidogo ya shina hilo, nyuma ya macho, na uzito wake wapata gramu 4 tu. Basi katika nafasi isiyozidi upana wa vidole viwili, von Economo alikuwa amepata mahali pawili. Pa nyuma pakiharibika, mtu hawezi kukaa macho. Pa mbele pakiharibika, mtu hawezi kulala. Kutokana na hayo alikata shauri kuwa ubongo una sehemu ya kuamsha na sehemu ya kulaza. Kwa maneno ya mfano wetu, alisema kuwa mkono wa kuizima taa upo, na akaonyesha unapokaa.

Lakini maneno yake hayakushika. Ushahidi wake ulitoka kwa wagonjwa, na ugonjwa haukati kwa kisu chenye makali. Kidonda huenea huku na huku. Tena hapakuwa na njia ya kuuona usingizi wenyewe katika ubongo wa mtu aliye hai. Njia hiyo ilikuwa ikitafutwa wakati huo huo katika mji mwingine.

Hans Berger alikuwa daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani. Alijua kuwa mwaka 1875 Richard Caton wa Liverpool alikuwa amepata dalili za umeme katika bongo za wanyama. Berger alitaka kuupata umeme huo kwa mtu, bila kumfungua kichwa. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika. Umeme unaofika juu ya ngozi ya kichwa wapata sehemu 50 za milioni ya volti moja. Betri ndogo ya tochi ina volti 1.5, yaani nguvu mara 30,000 kuliko umeme huo. Kwa miaka mingi hakupata kitu. Mwaka 1924 aliwaweka waya wagonjwa ambao mfupa wa fuvu ulikuwa umeondolewa mahali kwa upasuaji, na mshale wa chombo chake ukaanza kutikisika.

Hata hivyo hakutangaza habari zake mpaka mwaka 1929. Sababu ya kukawia kwake ni funzo zuri kwa mwanafunzi wa sayansi. Berger alihofu kuwa kile alichokiona hakikutoka katika ubongo. Moyo hutoa umeme. Damu ikipiga kichwani huusukuma waya. Kope ikipepesa, taya likiuma, ngozi ikitoa jasho, vyote hivyo huutikisa mshale. Basi akaandika umeme wa moyo na wa kichwa kwa pamoja, apate kuona kama mawimbi yalifuatana, na akaona kuwa hayakufuatana. Akabadilisha waya, akabadilisha mahali pa kuziweka, akajaribu kwa watu wazima wenye afya na kwa mwanawe mwenyewe, Klaus. Mwisho alibakiwa na mawimbi ambayo hakuweza kuyaondoa kwa hila yoyote. Mtu aliyetulia akiwa amefumba macho hutoa mawimbi mapana yapatayo 10 kwa kila sekunde; Berger aliyaita alfa. Mtu huyo akifumbua macho, au akipewa hesabu ya kufanya kichwani, mawimbi hayo hutoweka, na mahali pake huja mawimbi madogo ya haraka aliyoyaita beta. Maandishi ya mawimbi hayo aliyaita elektroensefalogramu. Wataalamu wengi hawakumsadiki mpaka mwaka 1934, wakati Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge, Uingereza, walipofanya jaribio lile lile na kuona mawimbi yale yale.

Sasa usingizi uliweza kuandikwa. Mtu alilala kitandani na waya kichwani, na katika chumba cha pili kalamu ilichora juu ya karatasi iliyokuwa ikienda bila kusimama. Karatasi ikienda milimita 10 kwa sekunde, usiku wa saa 8 hula mita 288. Mwaka 1937 Alfred Loomis na wenzake, waliofanya kazi katika maabara yake huko Tuxedo Park karibu na New York, walitangaza kuwa usingizi si hali moja, bali una hatua, na wakazihesabu tano. Hesabu ya hatua imebadilishwa mara kadhaa tangu siku hizo, lakini mambo waliyoyaona yangali yakionekana kila usiku.

Tumfuate mtu mmoja anayelala. Afumbapo macho, alfa hujaza karatasi. Asinziapo, alfa hukatikakatika na kupotea, mawimbi huwa madogo na ya polepole zaidi, na macho huzunguka taratibu chini ya kope; ukimwamsha sasa, huenda akakana kuwa alikuwa amelala. Baada ya dakika chache hutokea mafungu ya mawimbi ya haraka, ya nusu sekunde au zaidi, manene katikati na membamba pande zote mbili. Hiyo ni hatua ya pili, na hapo usingizi ni wa kweli. Kisha huja mawimbi makubwa mno na ya polepole mno, moja au mawili kwa sekunde, kama mawimbi ya bahari kuu yanayokuja pwani baada ya dhoruba. Huo ndio usingizi mzito. Wataalamu hukata usiku vipande vya sekunde 30, na kila kipande hupewa hatua yake. Kanuni yao ni hii: mawimbi hayo makubwa yakichukua sehemu moja ya tano ya kipande au zaidi, yaani sekunde 6, basi kipande hicho ni cha usingizi mzito. Ikiwa yamechukua sekunde 12, hapana shaka yoyote. Ikiwa yamechukua 4 tu, mtu huyo yungali katika hatua ya pili.

Kwa nini mawimbi ya mtu aliye macho ni madogo na ya mtu aliyelala ni makubwa? Fikiri juu ya watu elfu walio sokoni. Kila mmoja akisema neno lake, ukiwa mbali husikia uvumi tu usiopanda wala kushuka. Lakini wote wakiimba wimbo mmoja na kunyamaza kwa pamoja, sauti yao hupanda na kushuka, na utaisikia toka mbali. Seli za ubongo ulio macho ni kama watu wa sokoni: zina shughuli nyingi, kila moja na yake. Katika usingizi mzito mamilioni yao hupiga pamoja na kunyamaza pamoja.

Chombo hiki kilipoenea, Mbelgiji Frédéric Bremer alikitumia kulijibu swali la taa. Katika mji wa Brussels, mwaka 1935, alilikata shina la ubongo wa paka mahali pa juu, karibu na mwisho wake, hata ubongo mkubwa ukabaki peke yake, ukipata habari za pua na za macho tu. Mawimbi yake yalikuwa makubwa na ya polepole, na mboni za macho zikasinyaa kama za paka aliyelala. Ubongo huo haukuamka tena. Kisha akamchukua paka mwingine, akamkata chini zaidi, pale ambapo shina hukutana na uti wa mgongo, akamsaidia kupumua kwa mashine. Kichwa hiki kilichotengwa na mwili kililala na kuamka kama kawaida, na macho yake yaliweza kufuata kitu kilichopitishwa mbele yake.

Tofauti ya paka hawa wawili ilikuwa ni shina lenyewe. Yule wa kwanza alikuwa ametengwa nalo. Yule wa pili alikuwa nalo zima. Bremer alifikiri kuwa amejua sababu. Katika shina huingia mishipa ya fahamu iletayo sauti kutoka masikioni na mguso kutoka usoni. Paka wa kwanza, alisema, alilala kwa sababu habari hizo zilikatwa, na ubongo usioletewa habari hulala. Kwa maneno mengine, hakuna mkono uizimao taa. Mafuta yakikatwa, taa hufa yenyewe. Neno hili lilikuwa jepesi, lilipatana na mazoea ya kila mtu atafutaye chumba cha giza na kimya apate kulala, na likaishinda kauli ya von Economo.

Lakini katika kisu cha Bremer kulikuwa na jambo ambalo yeye hakuweza kulipambanua. Katikati ya shina, kati ya mishipa ipitishayo habari, kuna kiini cha seli na nyuzi zilizofumana kama wavu wa mvuvi. Kisu kilipopita, kilikata mishipa ya pembeni na kiini cha katikati kwa pigo moja. Ni kipi kati ya viwili hivyo kilicholeta usingizi?

Jibu lilipatikana Chicago. Giuseppe Moruzzi, Mwitalia, alikuwa amekwenda huko kufanya kazi pamoja na Horace Magoun. Walipitisha umeme hafifu wa mipigo ya haraka katika kiini kile cha wavu, kwa paka waliokuwa wametulia na mawimbi yao ni makubwa na ya polepole. Mara mawimbi makubwa yakapotea, na mahali pake yakaja madogo ya haraka, kama ya mnyama aliyeshtuliwa usingizini. Hakuna sauti iliyopigwa wala mkono uliomgusa. Walitangaza jambo hilo mwaka 1949. Baadaye kidogo Magoun, pamoja na Donald Lindsley na wenzao, wakafanya jaribio lililokuwa limesalia. Kwa paka wengine walikata mishipa ya pembeni na kukiacha kiini. Wanyama hao waliendelea kuwa macho, ijapokuwa habari nyingi zilikuwa hazifiki tena. Kwa wengine walikiharibu kiini na kuiacha mishipa. Hao walilala wasiamke, ingawa habari za nje zilikuwa zikiingia njia nzima. Basi ikadhihirika kuwa ubongo hauamshwi na kelele peke yake. Huamshwa na kiini cha shina lake, na kelele ni mojawapo tu ya vitu vinavyokichochea kiini hicho. Mahali pa nyuma pa von Economo palikuwa pamethibitika.

Hata hapo wengi walidhani kuwa usingizi ni kunyamaza kwa kiini hicho, basi. Dhana hiyo ilitikiswa na mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky, aliyekuwa akifundishwa na Nathaniel Kleitman. Usiku mmoja, katika mwezi wa Desemba 1951, alimfunga waya mwanawe wa miaka 8 na kumwacha alale. Baada ya muda kalamu za macho zikaanza kuchora kwa nguvu, kana kwamba mtoto yu macho na anatazama huku na huku. Aserinsky alidhani chombo kimeharibika, nacho kilikuwa kikuukuu. Akaingia chumbani, akamkuta mtoto amelala fofofo, na mboni zikikimbia chini ya kope. Ili kuondoa shaka alirudia jambo hilo kwa watu wazima, akiyaandika macho mawili kila moja kwa kalamu yake. Yote mawili yalikwenda pamoja, jambo ambalo hitilafu ya mashine haiwezi kulifanya. Katika habari walizotangaza mwaka 1953, waliwaamsha watu mara 27 macho yalipokuwa yakikimbia, na mara 20 wakasimuliwa ndoto zenye picha wazi. Waliwaamsha mara 23 macho yakiwa yametulia, na mara 19 hawakuambiwa kitu.

Ajabu zaidi ni kuwa katika usingizi huo wa ndoto mawimbi ya ubongo ni madogo na ya haraka, karibu sawa na ya mtu aliye macho. Mwaka 1959 Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, alionyesha kuwa paka akiwa katika hali hiyo misuli yake hulegea kabisa, na kwamba hali hiyo huanzishwa na seli za shina la ubongo, chini ya pale alipokata Bremer mara ya kwanza. Kwa hiyo anayetaka kujua hatua ya usingizi hawezi kutegemea waya za kichwa tu. Huweka nyingine kando ya macho na nyingine kidevuni. Mawimbi ya haraka na kidevu kilichokaza ni dalili ya mtu aliye macho. Mawimbi hayo hayo na kidevu kilicholegea kabisa, huku macho yakikimbia, ni dalili ya ndoto. Mara chache akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Mtu hujiona yu macho lakini hawezi kuinua hata kidole, na huhisi kama amekaliwa kifuani. Watu wetu huliita jambo hilo jinamizi. Usingizi wa ndoto huja kwa kawaida saa moja na nusu hivi tangu mtu kulala, kisha hurudi kwa muda kama huo mpaka asubuhi, ukirefuka kila urudipo. Usingizi mzito nao hukaa zaidi mwanzoni mwa usiku.

Kama shina lingekuwa linanyamaza tu, ndoto zingetoka wapi? Mkono wa kuizima taa ulihitaji kutafutwa tena, na mahali pa kuutafutia palikuwa pameandikwa zamani. Tayari mwaka 1946 Walle Nauta alikuwa ameharibu sehemu ya mbele ya hipothalamasi ya panya, nao wakakosa usingizi, kama wagonjwa wachache wa Vienna. Mwaka 1996 Clifford Saper na wenzake wa Boston walizipata seli zenyewe. Ni fungu dogo mno, katika sehemu ile ile ya mbele, linalofanya kazi panya alalapo na kunyamaza aamkapo. Nyuzi zake hushuka mpaka kwenye seli za kuamsha, zilizo nyuma ya hipothalamasi na katika shina la ubongo, na huzimiminia kemikali ya kuzinyamazisha. Moja kati ya kemikali za seli za kuamsha ni histamini. Ndiyo sababu baadhi ya dawa za mzio na mafua, ambazo huizuia histamini, humfanya mtu asinzie.

Lakini seli za kuamsha nazo huzinyamazisha seli za kulaza. Kila upande ukipata nguvu humnyima mwenzake sauti, na mwenzake akinyamaza, wa kwanza huzidi nguvu. Wahenga walisema, "Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe." Hawakuwa wakisema juu ya ubongo, lakini ndivyo makundi hayo mawili yanavyoishi: moja likiamka, la pili hulala. Chombo cha namna hii hakiwezi kukaa katikati. Hufanya kama swichi ya taa ukutani, ambayo ukiisukuma hukataa kidogo, kisha huruka upande wa pili kwa ghafula. Ndiyo sababu mtu huvuka kutoka macho kwenda usingizini kwa muda mfupi, wala hakai nusu ya siku akiwa nusu amelala.

Swichi iliyolegea ina hatari yake, na hatari hiyo imeonekana kwa watu. Mwaka 1998 ilipatikana katika hipothalamasi kemikali iitwayo oreksini, ambayo huutia nguvu upande wa kuamsha na kuizuia swichi isiruke ovyo. Mwaka 2000 ilitangazwa kuwa watu wenye ugonjwa wa nakolepsi wamepoteza zaidi ya asilimia 80 ya seli zake. Mwanafunzi mwenye ugonjwa huo hulala darasani katikati ya sentensi anayoiandika, ingawa usiku alilala vya kutosha. Akicheka sana, huenda magoti yakamlegea akaanguka, akili zake zikiwa timamu, kwa kuwa ule ulegevu wa misuli wa usingizi wa ndoto umemjia mchana. Wangapi kama huyu wamepigwa kwa uvivu, au kupelekwa kupungwa pepo! Daktari huweza kumpambanua kwa mawimbi. Baada ya kuuandika usingizi wake wa usiku mzima, humlaza mchana mara 4 au 5, kila baada ya saa mbili. Mtu mwenye afya akisinzia hupita kwanza katika hatua tulizozitaja. Mwenye nakolepsi hulala kwa wastani katika dakika 8 au pungufu, na zaidi ya mara moja huingia moja kwa moja katika usingizi wa ndoto kabla ya dakika 15 kupita.

Tusisahau mpaka wa chombo hiki. Mawimbi ni alama ya usingizi, na alama huweza kudanganya. Mwaka 1952 Abraham Wikler alionyesha kuwa mbwa akipewa dawa ya atropini hutoa mawimbi makubwa ya polepole kama ya usingizi mzito, naye yu macho na anatembea. Kwa hiyo mtaalamu mwema hutazama karatasi, kisha humtazama na anayelala, kama alivyofanya Aserinsky usiku ule alipoingia chumbani.

Basi swali letu limepata jibu lenye pande mbili. Giza na kimya humsaidia mtu kulala, na katika hilo Bremer hakukosea. Lakini taa ya ubongo haifi kwa kukosa mafuta. Kila usiku huzimwa na fungu dogo la seli mbele ya hipothalamasi, na kila asubuhi huwashwa na seli zilizo nyuma yake na katika shina. Von Economo alifariki mwaka 1931, kabla Bremer hajashika kisu chake. Mahali pawili alipopaonyesha kwa darubini katika bongo za wagonjwa wake ndipo hapo hapo ambapo wataalamu walirudi miaka 65 baadaye.